Kila Kanuni na Mfano Wake: Koleta wa Barazani Kwangu

Koleta ni mtu wa kuchosha. Nasema mapema, maana watu wa mtaani kwetu Chemchem wakimzungumzia siku hizi wanamfanya malaika, na mimi niliyekaa naye baraza moja ndiye ninayejua. Atakushonea gauni, wewe umeliona limekaa vizuri, umefurahi, unataka kuondoka, yeye anakuzungusha, anakuinamia, kisha anasema, "Vua dada, hapa kwapani hapajanipendeza." Mvaaji ni wewe au yeye? Na ukigoma hakupi.

Mimi ni Zamda, nina duka la steshenari. Natoa fotokopi, nachapa barua, napiga picha ndogo za vitambulisho. Koleta alitokea asubuhi moja na cherehani kwenye toroli, akasema shikamoo dada, naomba kivuli tu hapo barazani mpaka nipate mahali. Nikaitikia marahaba, nikamwonyesha pembeni ya mlango. Hakupata mahali, na mimi sikumuuliza tena. Kwao ni Usinge, mama yake anamlelea binti yake Kabula huko, wanalima tumbaku na mahindi. Yeye alibaki mjini kwa sababu ya jambo moja tu, na jambo hilo lilinipandisha presha miaka yote tuliyokaa pamoja.

Alitaka kuwa nesi. Mama yake alipolazwa pale hospitali ya Kitete, Koleta alikaa naye wodini muda mrefu, akawa anawageuza wagonjwa wasio na ndugu, anawalisha uji, mpaka manesi wakamwambia wewe ungefaa kazi hii. Basi, neno hilo likamkaa kichwani. Vyeti vyake vya kidato cha nne vilikuwa na alama za sayansi alizotakiwa, ila Kiingereza alikuwa amefeli. Chuo kimoja kikamwambia lete Kiingereza tukupokee. Akarudia mtihani, akafeli. Safari hii alijiandikisha tena kama mtahiniwa wa kujitegemea, akaniambia huku anatia uzi sindanoni, "Nikikosa na safari hii, dada, narudi Usinge nikalime na mama. Sitajaribu tena." Alisema kwa utulivu, na Koleta akisema jambo kwa utulivu ujue amekwisha kuamua.

Walikuwa kikundi cha watu wazima waliokuwa wakirudia mtihani. Walisoma jioni katika chumba cha chuo cha Kurani jirani yetu, watoto wakishatoka. Mwalimu wao ni Mwalimu Deus, anayefundisha sekondari mchana, mtu mwelewa sana wa somo lake lakini mwenye hasira za karibu. Kitabu cha sarufi kilikuwa kimoja tu, cha kwake, kikuukuu, kimeandikwa Kiingereza kitupu. Kwa hiyo alikuwa anapiga picha ukurasa kwa simu na kuutuma kwenye grupu la WhatsApp, wasome nyumbani, kesho yake waulizane.

Sasa nieleze picha za Mwalimu Deus. Yarabi! Mtu anafundisha lugha, lakini kupiga picha hajui. Ukurasa umepinda kama jani la mgomba, kivuli cha kichwa chake kimeangukia katikati, pembeni maneno yamekatwa, na kila mara kidole gumba chake kimo, kimeshikilia kitabu kisijifunge. Tulikijua kidole kile kuliko uso wake. Na hata picha ikitoka safi, wanafunzi wenyewe waliona maelezo ya Kiingereza kuhusu Kiingereza, wakatoa macho. Utajifunzaje jambo kwa maneno ambayo ndiyo huyajui? Ndipo Koleta akanigeukia mimi.

"Da Zamda, wewe una kompyuta. Tuchapie kwa Kiswahili."

Nikachukua picha, nikaipitisha kwenye programu ya simu inayosoma maandishi na kuyatafsiri, nikaprinti, nikampa. Kazi ya dakika chache. Akaisoma amesimama nje, kisha akarudi ndani.

"Dada, mifano imekwenda wapi?"

"Si hiyo hapo? 'Chai ni moto mno kunyweka.'"

"Hicho Kiswahili. Kiswahili ninakijua. Mtihani utaniuliza chai kwa Kiswahili?"

Nilitamani kumrushia ile karatasi. Lakini alikuwa na haki, na hilo ndilo linaloudhi kwa Koleta. Akanieleza anachotaka, polepole, kama anayemweleza mteja asiyejua vipimo: maelezo ya kanuni yawe Kiswahili chepesi, mfano ubaki Kiingereza vilevile ulivyo kitabuni, bila kuguswa hata nukta, na ukae chini ya kanuni yake. Usipelekwe ukurasa wa nyuma, usikusanywe na wenzake chini kabisa. "Kanuni peke yake hainiingii," akasema. "Shuleni waliniandikia kanuni tupu daftari zima, nikakariri zote, nikafeli. Nikiuona mfano hapohapo, ndipo naona kanuni inafanya nini."

Basi tukaanza hivyo. Kila ukurasa uliokuja, programu ilisoma maandishi, mimi nikatafsiri maelezo tu na kurekebisha Kiswahili chake, maana ile programu Kiswahili chake kina lafudhi ya ajabu. Mifano niliihamisha kwa mkono, mmoja mmoja, nikaiweka kwa herufi za kulala. Koleta akikaa pembeni na picha mkononi, ananisomea, ananikagua. "Hapo umeacha 's', dada." "Hapo kitabu kimeweka alama ya mkato." Wateja wa fotokopi wamepanga foleni, yeye ananishikilia kwa alama ya mkato! Nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba nitamtoa barazani yeye na cherehani yake. Akacheka tu, akaenda kumalizia zipu ya mtu.

Lakini notisi zilikuwa nzuri, nakiri. Wenzake wote walizichukua. Mmoja wao, Twalibu, ndiye mwenyekiti wa kikundi, dereva wa bodaboda, kijana mchangamfu asiyeweza kutulia mahali muda wa kuiva yai. Yeye alikuwa akizisoma kijiweni akisubiri abiria, mpaka wenzake wa kijiweni wakawa wanamwamkia kwa Kiingereza.

Mtihani ukakaribia. Na mimi, kwa bahati mbaya, nikalazimika kwenda Nzega kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, na harusi zetu unazijua, huendi ukarudi kesho. Nikafunga duka. Siku nilipoondoka ndipo Mwalimu Deus akatuma ukurasa wa kuunganisha sentensi, ambao alisema ni lazima uje kwenye mtihani, na yeye alikuwa ana kazi ya kusahihisha shuleni kwake, hangeweza kuja jioni. Wasome wenyewe, akirudi atawapa jaribio.

Twalibu akasema, ya nini kumsubiri Da Zamda, simu mbona ninayo? Na kweli anayo, tena kubwa kuliko yangu. Akafanya kazi yote peke yake juu ya pikipiki, akaprinti mahali pengine, akagawa. Alikumbuka sharti la Koleta, sikatai: kanuni Kiswahili, mfano Kiingereza, kila mfano chini ya kanuni yake. Ukiiona karatasi ile kwa mbali utasema kazi safi kabisa.

Niliporudi kutoka Nzega, miguu imevimba, hina bado mikononi, sijafungua hata kufuli ya duka, nikamkuta Mwalimu Deus barazani amesimama mbele ya cherehani ya Koleta. Mkononi ana karatasi za jaribio.

"Hawa watu wako," akaniambia bila hata salamu, "wamenakiliana! Wote! Kumi na mmoja, makosa yaleyale, neno kwa neno!"

"Mwalimu, shikamoo kwanza," nikamwambia, maana nimemzidi umri na nilitaka ajirudi. Akajirudi kidogo, akasema shikamoo, mama, kisha akaendelea kufoka.

Akanionyesha. Swali lilitaka wajaze nafasi kwenye sentensi ya mtu aliyekaa mahali miaka mitatu. Wote wameandika "I have lived here since three years," badala ya "for". Swali jingine liliwapa sentensi mbili, begi lilikuwa zito, sikuweza kulibeba, waunganishe kuonyesha matokeo. Wote, jamani, wote kumi na mmoja, wameandika "No sooner had the bag heavy than I could not carry it." Hata mimi Kiingereza changu cha kuungaunga nilishtuka.

"Huwezi kubuni upuuzi huo peke yako," Mwalimu akasema. "Mmoja kaubuni, wengine wamechungulia. Na anayekaa mbele ni huyu." Akamnyooshea Koleta kidole. "Mimi nakuja baada ya kazi, nimechoka, sitaki chochote kwenu ila msome. Mnaniibia kwenye jaribio, kwenye mtihani mtafanya nini? Mimi basi. Tafuteni mwalimu mwingine."

Akaondoka. Koleta alikuwa ameinamisha kichwa, mguu uko kwenye pedali lakini haukanyagi. Nikadhani analia. Kumbe alikuwa anasoma karatasi ya Twalibu iliyokuwa mapajani mwake.

"Dada," akasema, "hatukunakiliana. Tumekariri hii."

Nikaichukua. Kanuni ya kuonyesha urefu wa muda, chini yake mfano: "He has been ill since Monday." Kanuni ya kuonyesha matokeo ya jambo lililozidi kiasi, chini yake: "No sooner had he sat down than the phone rang," ambao ni wa mara tu alipoketi simu ikalia. Lahaula! Kila mmoja amefuata mfano kama alivyoambiwa, kwa uaminifu kabisa.

"Na wewe hukuona?" nikamfokea. "Wewe unayeona alama ya mkato! Hukuona kwamba hii haiendani?"

"Niliona haiendani," akajibu. "Nikadhani Kiingereza ndivyo kilivyo."

Nikaenda kufungua duka kwa kishindo mpaka vumbi likaanguka juu ya mlango.

Nikamwita Twalibu. Akaja mbio, akaapa kwa Mungu wake kwamba hakubuni hata neno. Nikamwambia atoe picha yenyewe ya Mwalimu, nikaiprinti kubwa. Ndipo mambo yakaanza kuonekana. Kitabu kile kimepanga ukurasa kwa safu mbili: kushoto maelezo ya kanuni, kulia kisanduku cha mifano. Maelezo yanakuambia kazi ya kiunganishi tu. Neno lenyewe limekolezwa wino ndani ya mfano. Kwa hiyo ukikosea mfano umekosea kila kitu. Kila kanuni ina herufi yake ya Kiingereza, a, b, c, na kila mfano una herufi hiyohiyo. Lakini picha imekata ukingo wa kushoto, herufi za kanuni hazimo. Simu ikasoma safu ya kushoto yote mpaka chini, kisha ikarukia ya kulia. Twalibu akawa na rundo la kanuni lisilo na herufi na rundo la mifano lenye herufi. Akazipa kanuni herufi yeye mwenyewe, kwa mpangilio, a, b, c, akaziunganisha.

"Sasa kosa langu liko wapi?" akauliza. "Si nimefuata mstari?"

"Vilitoshana, kanuni na mifano?"

"Ulizidi mfano mmoja mwishoni. Nikaufuta."

"Ulizidi! Twalibu! Mfano utazidije kitabuni? Kitabu ni nyama ya sadaka, kwamba watu wanaongezewa kipande?"

"Nilijua wamekosea kuchapa, Da Zamda. Kitabu chenyewe si cha zamani?"

Nikakaa chini. Nilikuwa na hasira na Twalibu kwa haraka yake, na Mwalimu kwa domo lake na picha zake, na ndugu zangu wa Nzega kwa kucheza ngoma muda mrefu vile. Mtihani ulikuwa wiki iliyofuata.

Koleta hakupoteza muda kukasirika. Alichukua mkasi wake wa kitambaa, ule asiouruhusu uguse karatasi hata kwa dawa, akaikata picha ile niliyoiprinti vipande vipande: kila kanuni kipande chake, kila mfano kipande chake. Akavitandaza kwenye meza ya kukatia nguo. Akafungua kikopo cha pini. Hivyo ndivyo anavyofanya nguo ya mtu ikiwa na vipande vingi: hashoni mpaka kila kipande kimebanwa na mwenzake, kisha anahesabu kama kuna kilichobaki, maana kikibaki kipande kimoja basi kuna mahali amekosea. Mafundi wengi wanashona tu kwa macho. Yeye hapana.

"Dada, nisomee kanuni kwa Kiswahili. Moja moja. Usiniambie ya ngapi."

Nikamsomea. Kuonyesha mambo mawili yanayopingana, na usiongeze "but" katika sentensi hiyo. Akatafuta, akaokota "Although it was raining, we went to the market," akabana pini. Kuonyesha kwamba kitu kimezidi mpaka jambo haliwezekani: "The tea is too hot to drink." Pini. Kutaja pale muda ulipoanzia. Hapo akasita, mkono ukawa juu ya vipande viwili, kimoja cha Jumatatu na kingine cha watu waliosubiri kwa saa mbili. Twalibu akasema, "Jumatatu ndipo ilipoanzia, saa mbili ni urefu." Akabana. Koleta akamtazama. "Kumbe unajua!" Twalibu akasema nikitulia najua. Nikamwambia basi tulia, maisha yetu yako mikononi mwako.

Walipofika mwisho, kanuni zote nane zilikuwa zimebanwa. Mezani kilibaki kipande kimoja cha mfano: "Unless you hurry, you will miss the train." Hakikuwa na pa kwenda. Twalibu akataka kukibana juu ya kanuni nyingine pamoja na mwenzake, eti kanuni moja iwe na mifano miwili.

"Hapana," Koleta akasema. "Hiki kina kanuni yake. Haipo hapa."

Tukaiinamia karatasi iliyobaki ya picha, mabaki yaliyokatwa. Na katikati ya safu ya kushoto, pale kanuni ya tatu ilipoishia, kilikuwa kimelala kidole gumba cha Mwalimu Deus. Kimetulia! Chini yake kulikuwa na kanuni nzima. Simu haikuiona, ikaendelea na inayofuata, na kuanzia hapo kila kanuni ikabeba mfano wa jirani yake wa juu, mpaka wa mwisho ukabaki bila mwenyewe na Twalibu akaufuta.

Nilicheka kwa uchungu mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikasema twende kwa Mwalimu sasa hivi, kabla hasira yangu haijapoa.

Tukapanda pikipiki ya Twalibu, watu watatu mshikaki, jambo ambalo kwa umri wangu na mwili wangu sitalirudia. Mwalimu anakaa upande wa Kitete. Tulimkuta uani anapembua mchele, akatuona, akasimama kwenda ndani. Koleta akamwambia, "Mwalimu, tusamehe, hatujaja kuomba. Tumekuja kuonyesha." Akatandaza vipande vyake kwenye mkeka, pini zinang'aa, na kile kimoja cha peke yake akakiweka kando. Kisha akaiweka karatasi ya Twalibu pembeni.

Mwalimu alisoma ile karatasi ya Twalibu. Akaisoma tena. Nikamwona anaelewa, kanuni kwa kanuni, wapi walipopata kila upuuzi waliomwandikia. Nilikuwa nimejiandaa kumsuta, nimepanga maneno njia nzima, lakini nilitoa moja tu: "Kidole chako hicho, Mwalimu."

Akakitazama kidole chake halisi, kimegandwa na pumba za mchele. Akaingia ndani, akatoka na kitabu, akafungua pale. Akasoma kanuni iliyokuwa imefunikwa, akaitafsiri palepale: kuonyesha jambo litakalotokea lisipofanyika lingine, neno lenyewe tayari limebeba "kama si", kwa hiyo usiongeze "not" nyingine upande huo. Mfano: "Unless you hurry, you will miss the train." Koleta akachukua kipande, akaandika kanuni kwa mkono, akabana pini ya tisa. Mwalimu akamkosoa pini mbili, alikuwa amepishanisha mfano wa "enough" na wa "in spite of", akamweleza kwa nini. Koleta akazichomoa akabana upya bila kunung'unika.

"Nimewatukana bure," Mwalimu akasema.

"Umetutukana kwa Kiswahili, tumekuelewa," Twalibu akamjibu, na hapo hata Mwalimu akacheka. Akarudi kufundisha jioni ileile. Picha zake lakini ziliendelea kuwa vilevile, kidole kikiwa kimehamia pembeni.

Ungedhani yamekwisha. Hayajaisha, huyu ni Koleta! Kesho yake asubuhi akaja ndani na bunda zima la notisi za nyuma, zote tulizozichapa tangu mwanzo, akataka tuzikague moja moja na kitabu chenyewe, alichokuwa amekiazima kwa Mwalimu.

"Zile nilizichapa mimi!" nikamwambia. "Mimi si Twalibu!"

"Najua, dada. Lakini wenzangu kumi wanakariri ninachowapa."

"Mtihani wiki ijayo, mwanamke! Soma! Acha kuhangaikia za wenzio, soma za kwako! Unataka kurudi Usinge kulima?"

Akasema hiyo ndiyo njia yake ya kusoma. Akavuta kigoda. Akawa anasoma kanuni kwa Kiswahili, anafumba macho, anasema mfano kwa Kiingereza, anafumbua, anatazama kitabu. Na mimi nikiwa nimeshika kalamu nyekundu, ninanung'unika, ninafuata mstari kwa mstari.

Katikati ya ule unung'unikaji ndipo jambo liliponipiga. Akifeli anarudi Usinge. Akifaulu anakwenda chuoni. Kwa vyovyote vile, huyu mtu ninayemfokea ataondoka barazani kwangu, na mimi ndiye niliyekaa hapa namsaidia kuondoka vizuri. Niliumia, sisemi uongo. Miaka yote ile nimezoea kusikia cherehani ikilia nje ya mlango, nikisikia kimya najua amekwenda kula. Nikaweka kalamu chini, nikamwambia nakwenda kuswali, kumbe saa ya swala bado. Nilisimama nyuma ya duka mpaka macho yakakauka. Niliporudi akaniambia, "Ukurasa wa saba, dada, umeacha 's'." Nikaiongeza hiyo 's', nikamwambia laiti angejua ninavyomchukia.

Wakafanya mtihani mwezi wa kumi na moja. Alirudi, akakaa kwenye cherehani, akashona. Nilipomuuliza akasema, "Lilikuja la kuunganisha." Basi, hilo tu, na mimi kwa kiburi changu sikumuuliza zaidi, nikakaa na joto moyoni mpaka matokeo.

Yalipotoka, Twalibu ndiye aliyekuja na habari, anapiga honi tangu mbali. Yeye amepata D, anarukaruka kama amepewa nyumba. Nikamnyang'anya simu nikatafuta namba ya Koleta mwenyewe, mtandao unazunguka, nikautukana mtandao. Kisha ikaja. Kiingereza, C.

"C," nikasema.

Koleta alikuwa na gauni la bibi harusi chini ya sindano. Alimaliza kwanza mshono aliokuwa ameuanza, akakata uzi, kisha akajifunika uso kwa gauni lile la mtu na kulia kwa sauti. Nikamfokea kwamba atalichafua. Nikamkumbatia palepale, gauni likiwa katikati yetu.

"Sasa unalia nini? Si ndicho ulichokitaka?"

"Ndicho, dada."

"Basi nenda! Nenda, nani amekushika?"

Chuo kilikuwa kinapokea wanafunzi mwezi wa tatu. Aliondoka na begi moja; cherehani aliniachia, akasema niitunze mpaka amalize. Nimeiingiza ndani, nimeifunika kanga, inanibania njia ya kwenda kwenye mashine ya fotokopi, kila siku najigonga goti. Asubuhi ile alipoondoka, mteja mmoja alikuja na kitambaa chake mkononi, akasimama barazani, akatazama kile kivuli kitupu, akachungulia dukani.

"Fundi yuko wapi?"

"Hayupo!" nikamjibu. "Amekwenda kusomea unesi!"

Nilimjibu kwa ukali mno, yule mama akarudi nyuma hatua, akanitazama kwa huruma, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tulikuwa tumegombana.